Kiti kimoja, mafundi wawili: makubaliano ya saluni baada ya saa za kazi

Jumatatu saa mbili asubuhi, mama mmoja mwenye saluni Sinza, Dar es Salaam, alifika kazini kama kawaida. Alishika kufuli la geti la chuma, akaingiza ufunguo, likafunguka bila shida. Alipowasha taa aliona pengo ukutani. Draya ya kusimama haikuwepo. Mashine ya mkono ya kukaushia nywele haikuwepo. Hata katoni ya dawa za nywele aliyoinunua Ijumaa haikuwepo.

Alirudi nje kuliangalia kufuli. Lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Nondo za dirisha zilikuwa mahali pake na bati la dari halikuguswa. Mlinzi wa fremu za jirani alisema hakusikia kitu kikivunjwa, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu hakuna kilichovunjwa. Aliyeingia alifungua na ufunguo, akachukua alichotaka, kisha akafunga geti vizuri kabla ya kuondoka.

Mama huyo alikuwa na bima ya wizi, na alikuwa ameilipia mwaka mzima. Alipopiga simu kwa wakala wake, swali la kwanza aliloulizwa ni hili: "Wamevunja wapi?"

Hapo ndipo alipoanza kuelewa alichokuwa amekodisha kwa miezi minne.

Kilivyoanza

Mama huyo ana watoto wawili. Mdogo alipoanza darasa la kwanza, alikata shauri kuwa atafunga saluni saa kumi na mbili jioni ili awahi kukagua madaftari na kula na wanawe. Tatizo ni kwamba wateja wengi wa saluni hutoka kazini saa hiyo hiyo. Kiti, kioo, sinki na draya vilibaki gizani wakati wa biashara, na kodi ya fremu ikaendelea kuwa Sh250,000 kwa mwezi. Gari la shule la mtoto nalo lilitaka Sh90,000.

Binti mmoja, fundi wa kusuka na kucha ambaye mchana anafanya kazi dukani Kariakoo, alikuwa akimjia mara kwa mara kununua rasta. Siku moja akamwambia, "Dada, hiki kiti kikilala mapema hivi mimi roho inaniuma. Nipe jioni tu, nitakulipa."

Walikubaliana kwa mdomo. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku, binti angetumia saluni na kulipa Sh10,000 kwa kila jioni. Zote zilikuwa jioni 12 kwa mwezi, yaani Sh120,000. Mama alimkabidhi ufunguo mmoja, akampongeza, akaenda nyumbani kupika.

Hesabu ya kweli ilijitokeza mwisho wa mwezi wa kwanza, umeme wa LUKU ulipoisha siku sita kabla ya kawaida. Draya ya wati 1,200 ikiwaka saa moja hula uniti 1.2. Ukiongeza taa, feni na birika la maji ya moto, jioni moja ilikuwa ikitumia kama uniti 4. Kwa bei aliyokuwa akinunulia, kama Sh356 kwa uniti, hiyo ni Sh1,400 na ushee kwa jioni, au takriban Sh17,000 kwa mwezi. Maji, sabuni na jiki vilichukua Sh10,000 nyingine. Kwa hiyo Sh120,000 zilizoandikwa kwenye daftari zilikuwa kama Sh93,000 mkononi. Bado zilitosha gari la shule, na mama hakulalamika. Alimwambia tu binti aangalie draya isiachwe ikiwaka bila mteja.

Hawakuandika chochote. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na hadi leo hakuna anayesema mwenzake alikuwa mtu mbaya. Kasoro ilikuwa kwamba ilipofika saa kumi na mbili na nusu, hakuna aliyejua kwa hakika kitu gani kimetoka mikononi mwa nani na kimeingia mikononi mwa nani.

Mtoto mwenye mapunye

Mwezi wa pili, mteja wa miaka mingi alikuja saluni mchana akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Hakukaa. Alimvua mtoto kofia na kuonyesha duara mbili kichwani, zenye ukubwa wa sarafu, nywele zimekatika na ngozi ina magamba meupe.

"Dada, mwanangu alisukwa hapa Ijumaa ya wiki mbili zilizopita. Zahanati wameniambia ni mapunye. Nyinyi vitana mnaosha?"

Mama alijibu kwamba anaosha, na ni kweli alikuwa anaosha vyake. Lakini mtoto alisukwa usiku. Alipomuuliza binti jioni ile, naye alijibu kwamba aliviosha. Alipoulizwa vipi, alisema alivipitisha kwenye maji ya sinki. Vitana vilikuwa kwenye kikopo kimoja, vya mchana na vya usiku vikiwa vimechanganyika, na kati ya meno yake kulikuwa na nywele za watu watatu.

Mapunye huletwa na fangasi anayeingia kwenye shina la unywele. Dalili huonekana mara nyingi wiki moja hadi mbili baada ya kuambukizwa, hivyo tarehe aliyotaja mzazi ingeweza kuwa sahihi. Pia mtoto angeweza kuyapata shuleni kwa kuvaa kofia ya mwenzake, au nyumbani kwa kulala mto mmoja na ndugu. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Ila mbegu za fangasi huyo zinaweza kukaa kwenye kitana, brashi au taulo kwa miezi, na saluni ambayo haiwezi kueleza ilivyosafisha kitana haina cha kujitetea.

Mzazi anayesoma hapa ajue jambo moja: mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake. Krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kunywa iliyoandikwa na mtaalamu, kwa wiki kadhaa, na hupaswa kuimaliza hata duara zikianza kuota nywele.

Mama alimrudishia mteja fedha ya kusuka na kumchangia nauli ya kliniki. Mteja alipokea, akashukuru, na hajarudi kusuka hapo.

Usiku ule mama na binti walikaa wakapanga usafi upya. Jambo la kwanza waliloamua ndilo lililomaliza mabishano mengi: hawatashirikiana vifaa. Kiti, kioo, sinki na draya ni vya wote. Vitana, brashi, vibanio, sindano za kushonea, taulo, mikasi na vifaa vya kucha kila mmoja ana vyake. Vya mama ni vya buluu na vya binti ni vyekundu, kila rangi kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Kitana chekundu kikikutwa na nywele asubuhi, hakuna haja ya kuulizana.

Jambo la pili ni mpangilio wa kuosha, ambao watu wengi huukosea kwa kuanza na jiki. Jiki haiui vizuri vijidudu vilivyojificha chini ya mafuta na nywele, kwa sababu uchafu huo hula nguvu yake. Kwanza kitana hutolewa nywele zote, kisha husuguliwa kwa mswaki, maji na sabuni, kisha husuuzwa. Hapo ndipo huingia kwenye jiki.

Kipimo hutegemea kilichoandikwa kwenye chupa. Ikiwa chupa inasema asilimia 3.5, kikombe 1 cha jiki huchanganywa na vikombe 6 vya maji. Mchanganyiko huo unakuwa na nguvu ya asilimia 0.5. Kitana kinazama chote kwa dakika 10, kisha kinasuuzwa kwa maji safi na kuachwa kikauke kabisa kabla ya kuingia kwenye ndoo, kwa kuwa kitu kilichofunikwa kikiwa na unyevu ni makazi mapya ya fangasi. Mchanganyiko huo hutengenezwa jioni hiyo na kumwagwa jioni hiyo. Ukilala, nguvu inapungua, na kwa kuutazama tu hutajua. Anayeutengeneza huvaa glavu, hufungua dirisha, na haongezi siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana gesi inayotoka inaweza kuumiza mapafu.

Brashi za mbao waliziondoa kabisa. Mbao hunywa maji, hupasuka, na nyufa zake hazisafishiki. Mikasi na vikatio vya kucha huoshwa vivyo hivyo, lakini havizidishi dakika 10 kwenye jiki na husuuzwa mara moja, la sivyo vinaota kutu.

Wembe una sheria yake: mmoja kwa mteja mmoja, unafunguliwa mbele yake, na ukishatumika unaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko. Usiende kwenye pipa la kawaida, kwa sababu anayebeba taka asubuhi ni mama mwenyewe na mikono yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Fundi wa usiku akikata ngozi ya kidole Alhamisi, hatari inaweza kuwa bado mezani Jumatatu.

Kisha likaja swali ambalo makubaliano mengi ya aina hii hulikwepa. Usafi huu unachukua nusu saa. Ni nusu saa ya nani? Mwanzoni binti alikuwa akimaliza mteja wa mwisho saa nne kasoro dakika tano, halafu anakimbilia daladala. Waliamua kwamba mteja wa mwisho aondoke kitini saa tatu na nusu. Dakika 30 zilizobaki ni za kuosha, kufuta kiti na sinki, kufagia nywele na kutoa taka. Kwa kuwa binti anapoteza nafasi ya kumaliza kichwa kimoja, mama alipunguza kodi kutoka Sh10,000 hadi Sh9,000 kwa jioni. Alipoteza Sh12,000 kwa mwezi, ila alinunua kwazo usafi unaofanyika kweli. Kodi iliyobana mno hulipwa kwa muda, na muda wa kwanza kuibiwa ni ule wa kuosha vitana.

Ufunguo uliozaa

Suala la vitana lilipotulia, wote wawili walidhani wamemaliza. Ufunguo hawakuugusa.

Mwezi wa nne binti alipata oda ya bibi harusi na wasindikizaji wake. Jumamosi hiyo alichelewa kutoka dukani, akamwomba kijana anayemsaidia kubeba mabegi atangulie kufungua saluni na kuchemsha maji. Kijana alikaa na ufunguo tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Jumapili saluni haifunguliwi. Jumatatu asubuhi draya haikuwepo.

Hakuna ushahidi kwamba kijana aliiba. Inawezekana aliuacha ufunguo mezani kwa rafiki, au mtu aliuchukua kwa saa moja. Kwenye vituo vya daladala kuna mafundi wa funguo wanaochonga nakala ya kufuli la kawaida wakati wewe unasubiri gari, bila kukuuliza kufuli ni la nani. Ndiyo maana kumwambia mpangaji "nirudishie ufunguo wangu" hakukulindi. Unarudishiwa kipande cha chuma, na hujui kina ndugu wangapi mtaani.

Mama alikwenda kituo cha polisi, akatoa maelezo, akapewa RB. Akaenda nayo kwa kampuni ya bima pamoja na risiti ya draya ya Sh350,000. Wiki mbili baadaye alijibiwa kwa barua kwamba madai yake hayatalipwa.

Alipokaa na wakala na kusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, alikuta sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bima ya wizi aliyokata ilihusu wizi wa kuvunja. Mikataba ya namna hiyo hutaka zionekane dalili za nguvu kutumika kuingia au kutoka, kama kufuli lililokatwa, mlango uliong'olewa au nondo zilizopindwa. Mtu akifungua na ufunguo, hata wa kuchonga, kwa kawaida hiyo haihesabiki kuwa kuvunja, na mikataba mingi huandika wazi kwamba wizi wa kutumia ufunguo haulipwi isipokuwa ufunguo wenyewe ulipatikana kwa nguvu.

Ya pili ilimuuma zaidi. Wakati wa kujaza fomu aliandika kwamba saluni inatumiwa na yeye mwenyewe na inafungwa saa kumi na mbili jioni. Alipomwingiza fundi wa usiku hakutoa taarifa. Mkataba wa bima hujengwa juu ya maelezo ya mkata bima, na jambo linaloongeza hatari likibadilika, kampuni inapaswa kuambiwa. Watu wawili wenye funguo na saa nne za ziada za umeme na maji ya moto ni mabadiliko ya aina hiyo. Hata kama geti lingevunjwa, bado angekuwa na kazi ya kujibu swali hili.

Ukiweka Sh350,000 kando ya zile Sh93,000 alizokuwa akibaki nazo kwa mwezi, draya peke yake ilikula karibu miezi minne ya kodi ya kiti. Yaani alichovuna tangu mwanzo wa makubaliano kilitoka kwa usiku mmoja.

Walivyoandika upya

Watu walimshauri mama amfukuze binti. Hakufanya hivyo. Gari la shule lilikuwa bado linadai, na binti mwenyewe alikuja na Sh100,000 mkononi, akasema, "Dada, kijana nilimtuma mimi. Nitakulipa nusu ya draya kidogo kidogo." Wakakaa tena, safari hii wakiwa na karatasi.

Walianza na mwenye fremu. Mkataba wa pango ulikuwa na kifungu kinachokataza kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi, na mama hakuwahi kukisoma. Kama mwenye fremu angetaka ubaya, angeweza kumtoa kwa hilo tu. Alikubali, ila akataka jina la fundi wa usiku liandikwe na mlinzi atambulishwe. Barua yake ya nusu ukurasa imo kwenye faili.

Kisha bima. Mama aliandika barua akieleza nani anatumia saluni, siku gani, saa ngapi na kwa vifaa gani. Kampuni ilitoa nyongeza ya maandishi kwenye mkataba na kupandisha ada kidogo. Aliuliza maswali matatu ambayo kila anayekodisha kiti anapaswa kuyauliza, na akataka yajibiwe kwa maandishi, kwa sababu neno la wakala kwenye simu halimo ndani ya mkataba.

La kwanza: wizi wa ufunguo unalipwa? Alijibiwa hapana, na hapo akajua kwamba kinga yake ni kufuli lenyewe. La pili: mteja akiungua kichwa kwa dawa au akiteleza karibu na sinki wakati wa usiku, bima ya dhima kwa watu wengine inamhusu? Alijibiwa kwamba inamhusu yeye na waajiriwa wake. Binti si mwajiriwa, ni mpangaji anayefanya biashara yake, kwa hiyo ilibidi atajwe kwenye nyongeza kwa jina. La tatu: vifaa vya binti mwenyewe vikiibwa au vikiungua? Hapana, bima ya mama haivigusi. Binti aliamua kubeba mashine yake ya kucha kwenye begi kila usiku.

Halafu funguo. Walinunua kufuli jipya lenye funguo tatu. Mmoja ni wa mama, mmoja wa binti, na wa tatu upo nyumbani kwa mama ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya gundi na wote wawili. Ufunguo hauazimwi kwa mtu yeyote, awe msaidizi, ndugu au mchumba. Binti akichelewa, saluni inachelewa. Ufunguo ukipotea au ukikaa nje ya mkono wake hata usiku mmoja, anasema siku hiyo hiyo na kufuli linabadilishwa. Aliweka amana ya Sh30,000, ambayo ni bei ya kufuli zima jipya, ili kusema ukweli kusiwe na gharama ya ghafla inayomfanya mtu anyamaze. Makubaliano yakiisha, kufuli linabadilishwa hata kama wameagana vizuri, na amana inarudishwa.

Dawa za nywele, fedha ya chenji na mashine ndogo za mama sasa zinafungiwa kwenye kabati la ndani lenye kufuli lake. Ufunguo wa kabati hilo ni mmoja, na unakwenda nyumbani.

Mwisho waliweka daftari la mistari kwenye droo ya chini ya kioo. Saa kumi na mbili na nusu jioni mama anasubiri hadi binti afike, na wanaandika pamoja: saa, uniti zilizobaki LUKU, vifaa vya pamoja vilivyopo na hali yake, ndoo mbili za vitana, saini mbili. Saa nne usiku binti anaandika upande wake na kupiga picha ya sinki, kiti na mita, anamtumia mama kwa simu. Asubuhi mama anahakiki kabla ya mteja wa kwanza kukaa. Kazi yote ni ya dakika tano.

Alhamisi ya kwanza ya daftari, mita ilisoma 46.3 jioni na 42.1 usiku. Zimetumika uniti 4.2, ambazo ni kama Sh1,500. Binti sasa analipia umeme kwa kipimo, na lile suala la draya kuachwa ikiwaka lilikwisha bila mtu kusemana na mtu.

Kwa hesabu mpya, jioni 12 kwa Sh9,000 ni Sh108,000. Umeme unalipwa pembeni. Mama akitoa sabuni, jiki na glavu kwa Sh10,000, na sehemu ya mwezi ya nyongeza ya bima ambayo ni Sh5,000, anabaki na Sh93,000. Ni fedha ile ile ya mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba sasa akiulizwa saa yoyote, anajua nani ana ufunguo na nani aliosha kitana.

Mwezi uliopita mzazi mwingine alikuja mchana akiwa na mtoto mwenye duara kichwani, akauliza swali lile lile. Mama alifungua droo, akamwonyesha mstari wa siku hiyo: vitana vyekundu, vimeoshwa saa tatu na dakika 35, saini ya binti. Kisha akamwonyesha ndoo, chupa ya jiki na kikombe cha kupimia.

Mzazi aliangalia, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama daftari hilo lingemsaidia kujua mtoto wake aliyapata wapi. Mama alimwambia hapana. Akamshauri awahi kituo cha afya wapate dawa ya kunywa, achunguze na vichwa vya ndugu zake nyumbani, na asimsuke hadi apone. Mzazi akaondoka na mtoto. Wiki tano baadaye walirudi pamoja Ijumaa jioni, wakakaa kwenye kiti cha fundi wa usiku.